Ndevu zilizobandikwa, nywele za wigi: kutatua matatizo unapojaribu mwonekano mpya kwenye picha

Ukitaka kujua ndevu zitakukaaje kabla hujazifuga, au nywele fupi zitakufaa kabla hujazikata, unaweza kuzijaribu kwanza kwenye picha yako. Inatosha kuwa na programu ya picha yenye leya, yaani tabaka za picha zinazopangwa moja juu ya nyingine, na maski, yaani kifuniko kinachoficha sehemu ya leya bila kuifuta kabisa. Hapa tunatumia majina ya vitufe vya GIMP kwa sababu ni ya bure, lakini programu nyingine za aina hiyo zina vitu hivyo hivyo kwa majina yanayokaribiana.

Picha ya majaribio haikusudiwi kukupendezesha. Inakusudiwa kukuonyesha uso wako utakavyokuwa kweli, maana utakuja kuiamini ukishakaa kwenye kiti cha kinyozi. Ndiyo maana matatizo mengi yaliyo hapa chini chanzo chake ni kipimo, na kuchora vibaya huja baadaye.

Dalili: kila kitu kimechorwa vizuri, lakini sura si yangu

Angalia picha ya mwanzo kabla ya kulaumu brashi. Kama ulijipiga mwenyewe kwa mkono ulionyooshwa, kamera ilikuwa karibu mno na uso wako. Chukulia ncha ya pua iko sentimita 30 kutoka kwenye lenzi, na masikio yako nyuma yake kwa sentimita 12. Pua inapigwa kutoka sentimita 30, masikio kutoka sentimita 42. Kwa hiyo pua inatoka kubwa kuliko masikio kwa kadiri ya mara 1.4 ya uwiano wake halisi. Kidevu nacho kinasogezwa mbele, huku panja na nywele za pembeni zikisinyaa.

Ukipachika ndevu kwenye kidevu kilichovimbishwa hivyo, zitaonekana nzito kuliko zitakavyokuwa. Ukipachika nywele ndefu pembeni, zitaonekana chache. Hakuna marekebisho ya baadaye yanayoponya jambo hili vizuri, kwa hiyo piga picha upya. Weka simu juu ya rafu au kabati, kwa kimo cha macho yako, umbali wa mita 1.5 hadi 2, na utumie kihesabu cha sekunde. Kwa mita 1.5 tofauti ile inashuka hadi mara 1.08, ambayo jicho halisumbuki nayo. Ukibaki mdogo kwenye fremu, kata pembezoni baadaye au tumia lenzi ya kuvuta karibu. Usiisogeze simu.

Kama unajaribu ndevu, acha kunyoa siku 3 kabla ya kupiga picha hiyo. Ndevu hukua takriban milimita 0.3 hadi 0.4 kwa siku, kwa hiyo utapata vishina vya milimita moja hivi. Vishina hivyo ndivyo ramani yako: vinakuonyesha mahali nywele zinapoota na mahali zisipoota. Watu wengi wana sehemu tupu pande mbili chini ya mdomo, au mahali masharubu yanapotakiwa kukutana na ndevu za kidevu. Ukizijaza sehemu hizo kwenye picha umechora ndevu za mtu mwingine.

Dalili: nywele za ndevu ni nene kama nyuzi za ufagio

Hili ndilo kosa linaloharibu kazi nyingi, na chanzo chake ni kutojua pikseli ngapi zinafanya milimita moja. Bahati nzuri, uso wako una rula yake. Lile duara lenye rangi linalozunguka tundu jeusi la jicho lina upana wa takriban milimita 11.7 kwa watu wazima, na tofauti kati ya mtu na mtu ni ndogo sana. Kuza picha hadi jicho lijae kioo, chukua kifaa cha `Measure`, kisha vuta mstari kutoka ukingo wa kushoto wa duara hilo hadi wa kulia. Pima kwa upana, si kwa kimo, kwa kuwa kope hufunika sehemu ya juu. Mtu awe anatazama kamera moja kwa moja, la sivyo duara linakuwa yai na kipimo kinapungua.

Tuchukue picha ambayo duara hilo limetoka pikseli 47. Gawanya 47 kwa 11.7, unapata takriban pikseli 4 kwa kila milimita. Unywele wa ndevu una unene wa karibu milimita 0.1 au zaidi kidogo, yaani chini ya nusu pikseli. Sasa fikiria mtu aliyechukua brashi ya pikseli 5 kwa kuwa ilionekana nyembamba kwenye kioo. Kila mchirizo wake una upana wa milimita 1.25, mara kumi na zaidi ya unywele halisi. Hata mkono uwe mwepesi vipi, picha hiyo haiwezi kushawishi.

Huwezi kuchora nusu pikseli, lakini unaweza kuizunguka. Kwenye `Scale Image` kuza picha hadi asilimia 200. Milimita moja sasa ni pikseli 8, na brashi ya pikseli 1 ni milimita 0.125, karibu sawasawa na unywele wa ndevu. Chora hapo, ukishamaliza rudisha picha kwenye ukubwa wake. Katika kupunguza, programu huchanganya kila mchirizo na ngozi iliyo jirani, kama kamera inavyofanya inapokutana na kitu chembamba kuliko pikseli yake. Michirizi inakuwa laini bila wewe kutia ukungu wowote.

Kipimo hicho hicho kinakupa urefu. Ndevu za milimita 10 kwenye picha iliyokuzwa ni michirizi ya pikseli 80, na kwenye picha ya kawaida zitashuka chini ya kidevu kwa pikseli 40 kama nywele zako zimenyooka. Kama nywele zako hujikunja, hesabu hiyo haikufai. Unywele unaojiviringa unarudi nyuma, na milimita 10 za unywele ulionyooshwa zinaweza kusimama milimita 5 au pungufu juu ya ngozi. Kama umewahi kufuga ndevu hata kidogo, pima unywele mmoja uliong'oka ukiwa umelala wenyewe, kisha upime ukiwa umenyooshwa, na utumie uwiano huo.

Usijaribu kuchora ndevu zote unywele mmoja mmoja. Jicho huhukumu kwenye kingo: pale ndevu zinapoishia shavuni, chini ya taya, na ukingo wa masharubu juu ya mdomo. Hapo chora kwa mkono. Sehemu ya katikati chora kipande cha nywele 40 hivi kwenye leya yake, kinakili kwa `Duplicate Layer`, kizungushe nyuzi 5 hadi 10, ukisogeze, kisha urudie. Mwelekeo uuchukue kwenye vile vishina vya siku 3. Mashavuni nywele huelekea chini, lakini shingoni mara nyingi hupanda juu au kwenda upande, na pengine huzunguka kama kimbunga kidogo. Atakayezielekeza zote chini atapata ndevu za barakoa.

Dalili: ndevu zinafanana na masizi au rangi iliyopakwa

Sababu ya kwanza ni rangi nyeusi tupu. Hata nywele nyeusi kabisa, kamera huziona zikiwa na hudhurungi au kijivu cha mwanga uliozigonga. Chukua rangi kwa `Color Picker` kwenye nyusi zako, si kwenye orodha ya rangi. Chukua mbili: moja kwenye sehemu ya nyusi iliyo gizani, nyingine kwenye sehemu inayopata mwanga, na uzibadilishebadilishe unapochora.

Sababu ya pili ni kukosa kivuli kati ya nywele na ngozi. Chini ya leya ya nywele weka leya nyingine, ipe hali ya `Multiply`, inayotia giza kilicho chini yake, kisha paka eneo lote la ndevu kwa brashi kubwa laini, `Opacity` ya brashi ikiwa 15. Pitisha mara moja mashavuni, mara mbili au tatu kwenye kidevu na chini ya taya. Ishie milimita 2 au 3 kabla ya ukingo wa nywele, ili nywele za mwisho zisimame juu ya ngozi safi. Pengo hilo dogo ndilo linaloondoa sura ya kitu kilichobandikwa.

Kwa ngozi nyeusi kuna jambo ambalo maelekezo mengi hayaligusi. Tofauti ya rangi kati ya ndevu na ngozi ni ndogo, kwa hiyo ukitegemea giza peke yake utalazimika kukoleza hadi kidevu kiwe shimo. Kinachozitambulisha ndevu kwenye ngozi nyeusi ni kupotea kwa mng'ao. Ngozi tupu ya taya na kidevu hurudisha mwanga kwa alama nyeupe nyeupe. Ndevu huivunja alama hiyo. Angalia picha yako: kama ile alama ya mwanga kwenye kidevu bado inang'aa chini ya ndevu ulizochora, ubongo wa mtazamaji utaamini ngozi, si ndevu. Ongeza leya ya kawaida chini ya ile ya kivuli, chukua rangi ya ngozi iliyo pembeni kidogo mwa mng'ao, na ufunike mng'ao huo taratibu kwa `Opacity` 20 hadi uzimike. Kisha, kwenye leya ya nywele, rudisha michirizi michache ya rangi nyepesi mahali pale pale, maana nywele nazo hupata mwanga, ila kwa vipande vipande.

Dalili: taya limekuwa jingine

Hapa mara nyingi mchoraji amefuata mstari wa taya kama ukingo wa ndevu. Ndevu ndefu zaidi ya milimita 3 hutoka nje ya umbo la uso, kwa hiyo lazima nyingine zichorwe juu ya mandhari ya nyuma na juu ya shingo. Ukizizuia ndani ya mstari, uso unaonekana umekatwa kwa mkasi. Kinyume chake pia hutokea: mtu anazitoa nje pikseli 60 au 70 pande zote na kujipa taya pana asilolipata mpaka afuge miezi miwili. Rudi kwenye kipimo chako cha pikseli 4 kwa milimita. Kumbuka kwamba pembeni ya taya nywele hulala kufuata shavu, kwa hiyo hutokeza kidogo kuliko zile za kidevuni.

Dalili: nywele ndefu zinaonekana ni wigi

Kama umechukua nywele kutoka picha nyingine, hakikisha kwanza mwanga unatoka upande mmoja kwenye picha zote mbili. Kama pua yako ina kivuli kushoto na nywele zina mng'ao kushoto, tafuta picha nyingine. Picha yako mwenyewe ya zamani ukiwa na nywele ndefu ndiyo bora kuliko zote, maana ina wingi na mkunjo wa nywele zako.

Kinachobaki kwa kawaida ni kivuli. Nywele zinazoangukia paji la uso, shavu au shingo huacha giza juu ya ngozi, na bila hilo huelea. Nakili leya ya nywele, iweke ile nakala chini yake, na uwashe `Lock alpha channel`. Ijaze yote hudhurungi iliyoiva, usitumie nyeusi. Sasa izime tena kufuli hiyo kabla ya kuendelea, vinginevyo ukungu hautaweza kutoka nje ya umbo na utabaki na nakala isiyobadilika ukingoni. Tumia `Gaussian Blur` ya pikseli 12 hivi, sogeza leya milimita 2 hadi 4 upande ulio kinyume na mwanga, yaani pikseli 8 hadi 16 kwa picha yetu, ipe `Multiply` na `Opacity` 40. Mwisho, kwa maski, futa sehemu ya kivuli iliyoangukia ukuta wa nyuma, kwa sababu ukuta uko mbali na haupokei kivuli hicho kwa ukali huo.

Mstari wa nywele juu ya paji la uso usiwe mstari. Nywele huanza kwa ukanda wa milimita 5 hadi 10 wenye nywele nyembamba na chache. Futa ukingo kwenye maski kwa brashi laini, kisha uchore vinywele vichache kwa njia ile ya asilimia 200.

Dalili: nywele fupi, lakini kichwa kimekuwa kikubwa, au kuna shimo

Kuongeza ni rahisi kuliko kupunguza. Unapofupisha nywele unalazimika kuonyesha vitu ambavyo picha haikuvipiga: masikio, shingo, panja, umbo la fuvu na ukuta ulio nyuma. Programu haiwezi kuvijua, na wewe ukivibuni utakuwa unajitazama kwenye kichwa cha kubuni. Dawa ni kupiga picha nne badala ya moja, simu ikiwa imekaa pale pale na umebonyeza kioo kwa muda ili mwanga na fokasi visibadilike.

Ya kwanza ni wewe kama ulivyo. Ya pili, umelowesha nywele na kuzifunga nyuma kwa nguvu, masikio na panja vionekane. Ya tatu, umeweka rula bapa juu ya utosi na kuikandamiza hadi iguse ngozi. Ya nne, ondoka, upige ukuta mtupu.

Weka ukuta mtupu chini kabisa, juu yake picha ya nywele zilizofungwa, na juu kabisa picha ya kwanza. Ukifuta nywele ndefu kwenye maski ya leya ya juu, chini yake yatatokea masikio yako halisi, na nje ya kichwa utatokea ukuta wako halisi. Hutahitaji `Clone` isipokuwa kuziba michubuko midogo. Kama leya hazikulingana, zisogeze hadi pembe za macho zikutane. Usizilinganishe kwa nywele wala mabega.

Rula inakupa kitu ambacho karibu kila mtu hukikisia vibaya, yaani mahali fuvu linapoishia. Tuseme kwenye picha yetu ukingo wa chini wa rula uko pikseli 88 chini ya kilele cha nywele zako za sasa. Maana yake una milimita 22 za nywele juu ya utosi. Ukitaka kubakiza milimita 6, kilele kipya ni pikseli 24 juu ya ukingo wa rula, kwa hiyo unashusha kilele pikseli 64. Wanaoshusha kwa macho hushusha nusu ya hapo, wakaona nywele fupi haziwapendezi, kumbe wamejitazama na kichwa kilichoongezwa milimita 8.

Pembeni fanya vivyo hivyo kwa kutumia ile picha ya nywele zilizolowa, ambazo zimelala karibu na ngozi. Kisogo hakitaonekana kwa picha ya mbele. Kama uamuzi wako unategemea kisogo, piga seti nyingine ya pembeni, kwa kuwa ya mbele haitakusaidia.

Dalili: picha ilikuwa nzuri, lakini kwenye kioo sioni kile kile

Kioo hugeuza kushoto na kulia, picha haigeuzi. Njia ya nywele iliyo kushoto kwenye kioo, kwenye picha iko kulia. Nakili picha iliyokamilika na uigeuze kwa `Flip`, kisha zitazame zote mbili. Iliyogeuzwa ndiyo utakayoiona asubuhi. Isiyogeuzwa ndiyo watakayoiona wengine.

Tofauti nyingine hutoka kwa kinyozi kupewa picha bila kipimo. Mpe vyote viwili. Vitana vya mashine kwa kawaida huongezeka kwa karibu milimita 3 kila namba: namba 1 huacha 3, namba 2 huacha 6, namba 3 huacha karibu 10, namba 4 karibu 13. Kama picha yako ilichorwa kwa milimita 6 juu ya utosi na 3 pembeni, hiyo ni namba 2 juu na namba 1 pembeni. Zipo mashine zenye vitana tofauti, kwa hiyo taja milimita kwanza, namba baadaye.

Kwa upande wa kufuga, milimita 10 za ndevu ni karibu mwezi mmoja. Nywele za kichwa huongezeka sentimita 1 hivi kwa mwezi, na picha iliyoongeza sentimita 12 inakuonyesha mwonekano wa karibu mwaka mmoja ujao. Chora basi na picha ya katikati, yenye sentimita 5 au 6, maana hiyo ndiyo sura utakayokaa nayo miezi mingi kabla ya kufika.